Tangazo kwa watahiniwa wa mtihani wa mtandaoni: mtandao unapokatika, kamera, na vitu vinavyoruhusiwa mezani

Mratibu_Mitihani

Ndugu watahiniwa,

Mtihani wa mwisho wa muhula utafanyika kwa njia ya mtandao kuanzia saa 3:00 hadi saa 5:00 asubuhi, kupitia mfumo uleule wa Moodle mnaoutumia kupokea kazi zenu, huku kamera ya kompyuta ikirusha picha yenu kwa msimamizi kwa saa zote mbili. Ninaweka kanuni hapa mapema ili kila mmoja azisome, aulize, na zile zitakazoonekana kuwa na kasoro zirekebishwe kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu mtandao, katizo lisilozidi dakika 2 halitafidiwa. Katizo la zaidi ya dakika 2 na lisilozidi dakika 15 litafidiwa kwa dakika zilezile zilizopotea, mradi mtahiniwa ampigie simu msimamizi ndani ya dakika 5 tangu mtandao ulipokatika, na mradi kumbukumbu za mfumo zithibitishe kwamba katizo lilitokea. Likizidi dakika 15, mtahiniwa ataacha kuandika na kupangiwa mtihani mwingine wenye maswali tofauti, kwa kuwa kwa muda wote huo atakuwa ameyaona maswali bila usimamizi.

Kuhusu kamera, uso wote, mabega na mikono juu ya meza vionekane. Mwanga utoke mbele au pembeni. Dirisha likiwa nyuma yako utaonekana kivuli tu. Kabla ya kuanza utazungusha kamera polepole ili msimamizi aone meza, sakafu iliyo chini yake na ukuta ulio nyuma ya skrini. Hairuhusiwi kutia ukungu nyuma ya picha wala kuweka mandhari ya bandia.

Kuhusu vitu vya mezani, unaruhusiwa karatasi moja ya A4 yenye muhtasari ulioandika kwa mkono wako, pande zote mbili, karatasi mbili tupu za kufanyia hesabu, utakazozionyesha kwenye kamera pande zote kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kikokotoo kisichohifadhi maandishi, kalamu, na maji katika chupa isiyo na lebo. Simu, saa za kisasa za mkononi, vipokea sauti vya masikioni na skrini ya pili haviruhusiwi chumbani.

Zawadi_MwakaPili

Shikamoo Mratibu. Nimesoma tangazo mara mbili na naomba kuhakikisha kama nimelielewa. Nimeelewa kwamba mtandao ukikatika saa ya mtihani inasimama, kisha inaendelea pale ilipoishia mtandao ukirudi, na dakika zinazofidiwa ni zile za kujiunga upya. Je, ndivyo ilivyo?

Swali la pili linanitatiza zaidi. Tangazo linasema simu isiwepo chumbani, na linasema pia nimpigie msimamizi simu ndani ya dakika 5. Nitampigia kwa kifaa gani?

Fundi_Seva

Marahaba Zawadi. Nianze na la saa, kwa sababu wengi wanaingia kwenye mtihani wakiamini kama ulivyoamini. Saa ya mtihani haisimami. Muda unahesabiwa na seva, na namba unazoziona zikipungua kwenye skrini ni nakala tu ya hesabu hiyo. Kompyuta yako ikizimika, ruta ikifa, au ukifunga kivinjari, seva inaendelea kuhesabu hadi saa 5:00 ifike, kisha inafunga jaribio na kuwasilisha kile kilichokwisha kuhifadhiwa. Fidia inayotajwa kwenye tangazo haiji yenyewe: ni sisi tunaoingia kwenye mfumo na kumwekea mtahiniwa mmoja mmoja muda tofauti wa kumaliza. Kazi hiyo ni rahisi jaribio likiwa bado liko wazi. Likishafungwa, kulifungua upya huhitaji idhini na maelezo marefu, na ndiyo maana ya kutaka taarifa itolewe mapema.

Swali lako la pili ni la haki kabisa, na nadhani Mratibu atalazimika kulitazama tena. Hata kama simu ingeruhusiwa, mimi ningeshauri asipige mtu. Watahiniwa wengi watakaopoteza mtandao wa nyumbani watahamia mtandao wa simu kwa hotspoti. Kwenye simu nyingi ambazo hazipitishi sauti kwenye mtandao wa 4G, ukipiga au ukipigiwa, simu hushuka hadi 3G au 2G kwa ajili ya mazungumzo, na ikifika 2G data husimama kabisa hadi ukate simu. Kwa hiyo mtahiniwa aliyekwisha kurudi mtandaoni atajitoa tena mwenyewe kwa kutii kanuni yetu. Ujumbe mfupi wa maandishi hauna tatizo hilo. Unapita hata pale ambapo data haipatikani, na unabaki na saa yake, jambo ambalo linatusaidia sote wakati wa kuhakiki.

Mratibu_Mitihani

Zawadi, ahsante, pingamizi lako ni sahihi. Nabadilisha vifungu viwili. Kwanza, taarifa itatolewa kwa ujumbe mfupi wa maandishi badala ya kupiga, kwenye namba itakayochapishwa juu ya karatasi ya mtihani, na ujumbe utaje namba ya mtahiniwa na saa mtandao ulipokatika, basi. Pili, simu moja itaruhusiwa chumbani ikiwa imelazwa kifudifudi, mahali panapoonekana na kamera lakini pasipofikiwa na mkono bila kuinuka, sauti ikiwa imezimwa. Mtahiniwa ataigusa pale tu mtandao unapokatika, na ataonyesha skrini yake kwenye kamera mara picha inaporudi, kabla hajaendelea kuandika.

Kalamu_Nyekundu

Mimi ni mwalimu msaidizi na nimesimamia mitihani ya namna hii. Naomba kuwatoa hofu wanafunzi kuhusu majibu yao. Moodle huhifadhi kila unachoandika papo hapo, hakuna kinachopotea. Na mwenye wasiwasi abonyeze kitufe cha kwenda ukurasa unaofuata kila anapohisi mtandao unayumba, kwa kuwa kubadilisha ukurasa kunalazimisha majibu yahifadhiwe.

Fundi_Seva

Mwalimu, nusu ya maelezo yako ni sahihi, na nusu iliyobaki inaweza kumwumiza mtu. Ni kweli kwamba kubadilisha ukurasa kunahifadhi majibu, lakini ni pale tu ambapo mtandao upo. Ukibonyeza kitufe hicho wakati mtandao umekatika, kivinjari kinajaribu kutuma ukurasa, kinashindwa, na mara nyingi kinaonyesha ukurasa wa kosa mahali pa jibu lako. Pengine ukirudi nyuma utayakuta maandishi, pengine hutayakuta. Tena uhifadhi unaofanywa na mfumo wenyewe haufanyiki kwa kila herufi. Kwa mpangilio wa kawaida wa Moodle, ambao ndio tunaoutumia, majibu huhifadhiwa takriban sekunde 60 baada ya kuanza kubadilisha kitu kwenye ukurasa. Hivyo daima kuna kipande cha mwisho, cha hadi dakika moja, ambacho kiko kwenye kompyuta yako tu.

Nichukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mtahiniwa anaandika insha ya swali la tatu. Mfumo umehifadhi jibu lake saa 4:11, na saa 4:12 ruta inazimika. Yeye hajui bado, anaendelea kuandika. Mfumo unapojaribu kuhifadhi tena na kushindwa, juu ya ukurasa hujitokeza onyo hili:

```
Network connection lost. (Autosave failed).
```

Onyo hilo linamaanisha kwamba mtandao umepotea na uhifadhi umeshindwa, na linaendelea kumtaka anakili pembeni alichoandika dakika za mwisho. Hapo ndipo njia mbili zinapoachana. Anayeuacha ukurasa wazi kama ulivyo, bila kuupakia upya, bila kubonyeza kitufe cha kuendelea na bila kufunga kivinjari, maandishi yake yapo salama mbele yake. Anainuka, anawasha hotspoti, anatuma ujumbe mfupi, anarudi kukaa, na saa 4:21 mtandao unaporudi, mfumo unajaribu kuhifadhi tena, unafaulu, na onyo linatoweka lenyewe. Amepoteza dakika 9 za saa na hajapoteza neno hata moja. Yule mwingine, aliyeshtuka akaupakia ukurasa upya saa 4:14, anapoteza vyote viwili: dakika zake, na kila alichoandika tangu saa 4:11.

Baadaye sisi tunafungua kumbukumbu za mfumo, tunaona majibu yake yamehifadhiwa saa 4:11 kisha saa 4:21, tunalinganisha na ujumbe wake mfupi na mahali picha ya kamera ilipokatika, na dakika 9 zinaongezwa. Saa yake ya kumaliza inakuwa 5:09.

Kalamu_Nyekundu

Nimekuelewa, Fundi, na nitawaeleza wanafunzi wangu hivyo. Ila hapo mwisho umenifungulia swali jingine. Mtu akizima ruta kwa makusudi ili atafute jibu kwenye kitabu, kumbukumbu hizo zitaonekanaje?

Fundi_Seva

Zitaonekana vilevile. Seva inajua tu kwamba kompyuta fulani imeacha kuwasiliana nayo. Haijui kama ni umeme, ni mnara, au ni kidole cha mtu. Nalisema wazi kwa sababu nimeona wasimamizi wakisoma kumbukumbu za mfumo kana kwamba zina ushahidi wa nia, na wanafunzi wakaumizwa kwa dhana. Tunachoweza kuona ni mwenendo: jibu lililokuwa na mistari mitatu kabla ya katizo na lina kurasa mbili zilizopangika mara tu baada yake linastahili maswali. Jibu lililoongezeka kwa kiasi ambacho mtu angeweza kuandika ndani ya dakika 9, halistahili.

Zawadi_MwakaPili

Ahsanteni. Sasa naona kwamba ni lazima nijiandae na hotspoti hata kama mtandao wa nyumbani ni mzuri. Naomba kujua data kiasi gani inatosha, na kama kuhama kutoka waifai kwenda hotspoti katikati ya mtihani hakutanitoa kwenye mfumo.

Fundi_Seva

Kinachokula data ni kamera. Maswali na majibu ya maandishi ni kidogo mno. Kwa ubora tunaoutumia, kamera inatuma takriban kilobiti 500 kwa sekunde. Ukizidisha kwa sekunde 7,200 za saa mbili na kugawanya kwa 8, unapata kama megabaiti 450. Uwe na gigabaiti moja ili usihesabu wakati unaandika. Kumbuka pia kwamba kinachohitajika ni kasi ya kutuma. Watu hupima mtandao wao, wakaona namba kubwa ya kupokea, wakaridhika, kumbe namba ya kutuma iliyo pembeni yake ni ndogo mara kumi.

Kuhusu kuhama, anwani ya kompyuta yako kwenye intaneti itabadilika. Moodle yetu haikufungwa kwenye anwani moja, kwa hiyo utabaki umeingia. Picha ya kamera ndiyo itakayokatika na utalazimika kuiunganisha upya kwa kubonyeza kitufe cha kuanza tena kwenye dirisha la msimamizi. Jaribu hayo yote siku moja kabla: iunganishe kompyuta na hotspoti ya simu yako mara moja ili iikumbuke pamoja na neno lake la siri, kisha zima ruta kwa makusudi uone kama kompyuta inahamia yenyewe au inakungoja. Kuandika neno la siri lenye herufi kumi na mbili huku saa ya mtihani inatembea si jambo la kumtakia mtu.

Baraka_Sukari

Habari za leo. Nina kisukari cha aina ya kwanza, na nina kihisi kwenye mkono kinachopeleka kiwango cha sukari kwenye simu kila baada ya dakika chache. Sukari ikishuka, simu inapiga kengele hata kama sauti imezimwa, na mimi natakiwa kuitazama na kunywa juisi mara moja. Nimesoma kwamba simu iwe mbali na mkono, iguswe mtandao unapokatika tu, na kinywaji kiwe maji. Nikifuata kanuni kama zilivyo nahatarisha afya yangu. Nikizivunja, kamera itanirekodi nikitazama simu mara nyingi katika saa mbili. Mwaka uliopita, katika chuo kingine, nilisimamishiwa matokeo kwa wiki kadhaa kwa sababu hiyohiyo, ingawa baadaye yalitolewa.

Mratibu_Mitihani

Ndugu Baraka, pole kwa yaliyokupata, na nashukuru umesema kabla ya siku. Kanuni ya jumla haikukusudiwa kumzuia mtu kutibiwa. Niandikie kwa barua pepe ya ofisi pamoja na cheti cha daktari angalau siku 3 kabla ya mtihani. Utapewa kibali cha maandishi kinachotaja simu, kihisi na juisi, nacho kitakuwa mbele ya msimamizi wako tangu mwanzo, ili anapokuona unatazama simu asilazimike kuamua papo hapo ni jambo gani. Dakika utakazotumia kurekebisha sukari zitafidiwa kama zinavyofidiwa dakika za mtandao. Huhitaji kueleza hali yako hapa mbele ya wote, na wengine wenye mahitaji ya aina hii watumie njia hiyohiyo ya barua pepe.

Mkalimani_wa_Hesabu

Naomba kuuliza kuhusu karatasi. Muhtasari wangu umechapwa vizuri kwenye kompyuta, una fomula zote. Je, naweza kuufungua pembeni mwa skrini badala ya kunakili kwa mkono? Kwani mtihani si wa kutumia vitabu?

Kalamu_Nyekundu

Hapana, ndugu. Huu si mtihani wa kutumia vitabu. Ni mtihani wenye karatasi moja ya muhtasari, na tofauti hiyo ni kubwa. Muhtasari uliochapwa unaweza kuwa wa mtu yeyote na unaweza kubana kurasa ishirini kwa herufi ndogo. Wa mkono ni wako, nao una kikomo chake. Na ukifungua faili pembeni mwa skrini, msimamizi ataona macho yako yakienda upande mmoja kila mara, wala hana njia ya kujua unasoma nini. Karatasi iliyo mezani anaiona. Iweke mbele ya kibodi au kando yake, palepale ulipoionyesha mwanzoni, na usiihamishe.

Mkalimani_wa_Hesabu

Nimeelewa, nitainakili leo. Nina tabia moja ambayo naogopa italeta shida: ninapokokotoa, midomo yangu husogea, na mara nyingine hunong'ona namba.

Kalamu_Nyekundu

Mwambie msimamizi hapo mwanzo, wakati wa kuonyesha chumba. Hilo tumelizoea sana. Linalotutia shaka ni mtu anayenong'ona kisha akanyamaza kama anayesikiliza.

Zawadi_MwakaPili

Samahani kwa kurudi tena. Katika jaribio la majuzi, picha yangu kwa msimamizi iliganda kwa dakika kama 6, lakini majibu yangu yaliendelea kuhifadhiwa bila onyo lolote. Nilikuwa naandika tu, sikujua. Hali hiyo ikitokea kwenye mtihani wenyewe, inahesabiwa kama katizo la mtandao?

Fundi_Seva

Inawezekana kabisa, na ina sababu zaidi ya moja. Picha inahitaji njia pana na isiyoyumba kila sekunde, wakati jibu la maandishi ni mzigo mdogo unaopita hata njia ikiwa nyembamba. Kwa hiyo mtandao ukidhoofika bila kukatika, kamera hufa kwanza na majibu yanaendelea. Sababu nyingine haihusu mtandao hata kidogo: programu nyingine ya mikutano iliyoachwa wazi imeishika kamera, au kompyuta imepata joto na kupunguza kasi. Namna ya kutofautisha ni kujitazama kwenye kidirisha chako mwenyewe. Ukijiona unatembea vizuri lakini msimamizi hakuoni, tatizo liko njiani. Ukijiona umeganda, au kidirisha ni cheusi, tatizo liko kwenye kompyuta yako. Funga programu nyingine zote kisha iruhusu kamera upya kwenye kivinjari.

Kama zihesabiwe au zisihesabiwe, hilo si la fundi kuamua.

Kalamu_Nyekundu

Kwa maoni yangu zisifidiwe, kwa kuwa mtahiniwa hakupoteza muda wa kuandika. Lakini pia asiadhibiwe kwa dakika ambazo hakujua kwamba haonekani.

Baraka_Sukari

Mwalimu, akijua na kuanza kuhangaika na kamera, muda wa kuandika anaupoteza. Kwa hiyo anayetii na kuacha kuandika ili arekebishe kamera anapata hasara, na yule asiyeangalia kidirisha anaendelea kuandika bila hasara yoyote. Sioni kama hiyo ni sawa.

Mratibu_Mitihani

Hoja zenu mbili zinagongana na zote zina uzito. Kwa sasa tangazo litasema hivi: msimamizi akipoteza picha atamwandikia mtahiniwa kwenye dirisha la mazungumzo, na dakika zitaanza kuhesabiwa kutoka ujumbe huo, wala si kutoka pale picha ilipoganda. Mtahiniwa atakuwa na dakika 3 za kurudisha picha huku akiruhusiwa kuendelea kuandika. Zikipita, ataacha kuandika, na kuanzia hapo katizo litachukuliwa kama la mtandao. Kama zile dakika 3 za kwanza zifidiwe kwa anayeacha kuandika ili arekebishe kamera, nitalipeleka kwenye kikao cha kamati ya mitihani na kuandika uamuzi hapahapa.

Tangazo lililorekebishwa litawekwa kwenye ukurasa wa somo kesho saa 4:00 asubuhi, pamoja na jaribio la dakika 20 lisilo na alama, ambalo kila mtahiniwa analazimika kulifanya akiwa kwenye chumba kilekile, kwa kompyuta ileile, na akizima ruta mara moja katikati yake.

Zawadi_MwakaPili

Tukizima ruta kwenye jaribio hilo, tutume ujumbe mfupi kwa namba ileile?

Mratibu_Mitihani

Ndiyo, kwa namba hiyohiyo, na msimamizi atakujibu ili ujue kwamba umefika.